Kapcha ya picha kwa lugha usiyoijua: kusoma inachotaka na kujua kwa nini inakukatalia

Kapcha, lile jaribio dogo ambalo tovuti hukupa ili kuhakikisha wewe si roboti, hukataa jibu kwa sababu moja kati ya tatu. Ama umechagua kitu ambacho sicho kilichoulizwa, ama umebonyeza kitufe cha kumalizia kabla kazi haijaisha, ama majibu yako ni sahihi lakini mfumo hauuamini mtandao au kivinjari chako. Kwa mtu anayesoma maagizo kwa lugha asiyoijua, zote tatu huonekana kitu kimoja: picha nyingine zimekuja, anza upya. Hata hivyo kila sababu ina alama yake, na nyingi ya alama hizo zinaonekana bila kujua neno hata moja la lugha hiyo.

Maelezo haya yanahusu hasa reCAPTCHA ya Google, ile yenye kisanduku cha kutiki kilichoandikwa `I'm not a robot` na kinachofuatiwa na picha za barabarani. Mifumo mingine miwili, hCaptcha na Turnstile, imeguswa pale inapotofautiana.

Hatua ya 1: hesabu miraba kabla ya kusoma neno

Usikimbilie kutafsiri. Kwanza angalia umepewa miraba mingapi, kwa sababu idadi hiyo ndiyo inayokuambia mchezo unachezwa vipi.

Ukiona miraba 16, nne kwa nne, hiyo ni picha moja iliyokatwakatwa. Unatakiwa kugusa kila mraba wenye kipande cha kitu kilichotajwa. Inawezekana pia kitu hicho hakipo kabisa kwenye picha, na hapo ndipo kitufe cha chini kulia kinapohusika. Kwa Kiingereza maagizo husema `If there are none, click skip`, na kitufe chenyewe kimeandikwa `SKIP`, yaani ruka. Ukigusa mraba mmoja tu, maandishi ya kitufe hicho hubadilika kuwa `NEXT` au `VERIFY`. Hii ni njia nzuri ya kusoma kitufe cha lugha yoyote: gusa mraba mmoja, tazama neno likibadilika, kisha uguse tena mraba uleule kuuachia. Neno lililokuwepo mwanzo, na linalorudi ukiuachia mraba, ndilo lenye maana ya "ruka".

Ukiona miraba 9, tatu kwa tatu, hizo ni picha tisa zisizohusiana. Hapa kuna aina mbili, na huwezi kuzitofautisha mpaka uguse picha ya kwanza. Katika aina ya kwanza picha uliyoigusa hunywea kidogo na kupata tiki ya buluu pembeni, kisha inabaki hapohapo. Chagua zote zinazofaa, thibitisha, umemaliza. Katika aina ya pili picha uliyoigusa hufifia na kupotea, na nyingine huletwa mahali pake. Aina hii ya pili ndiyo inayowaangusha watu wengi, kwa sababu picha iliyoletwa nayo inaweza kuwa na kitu kilekile kilichoulizwa, na hiyo pia unatakiwa kuigusa. Unaendelea hivyo mpaka kisibaki chochote kinachofaa kwenye miraba yote tisa. Maagizo ya Kiingereza huwa na mstari wa ziada, `Click verify once there are none left`. Asiyeusoma mstari huo hugusa tatu za mwanzo, anabonyeza kuthibitisha huku picha mpya bado zinajitokeza, na anakataliwa wakati alichochagua chote kilikuwa sahihi.

Kwa hiyo katika aina ya kufifia, subiri. Kila picha mpya ijitokeze yote, iangalie, kisha uamue. Ukibonyeza kuthibitisha wakati mraba mmoja bado mweupe, umebahatisha.

Hatua ya 2: neno lenye wino mzito

Kwenye utepe wa buluu juu ya picha kuna sentensi ndefu yenye neno moja kubwa, lenye wino mzito. Hilo ndilo jina la kitu. Maneno yaliyobaki ni yaleyale siku zote, "chagua picha zote zenye", "chagua miraba yote yenye", kwa hiyo kazi yako ya lugha ni neno hilo moja tu. Wakati mwingine pembeni ya utepe huwekwa picha ndogo ya mfano, na ikiwepo, iamini kuliko kamusi.

Orodha ya vitu vinavyoulizwa si ndefu. Vinavyojirudia ni `traffic lights`, `crosswalks`, `fire hydrants`, `bicycles`, `motorcycles`, `cars`, `buses`, `stairs`, `bridges`, `chimneys`, `palm trees`, `boats` na `tractors`. Ukivijua hivyo kwa lugha inayokusumbua, umemaliza karibu kila utakachoulizwa.

Shida ni kwamba hata tafsiri sahihi ya Kiswahili inaweza kukupoteza, kwa kuwa baadhi ya maneno yetu ni mapana kuliko yanayoulizwa, na mengine ni membamba.

`Traffic lights` hutafsiriwa mara nyingi "taa za barabarani". Neno hilo kwetu hubeba pia zile taa ndefu za kumulika barabara usiku, na mtu anayezigusa hizo atakataliwa kila mara. Kinachotakiwa ni taa za kuongozea magari tu, zenye nyekundu, njano na kijani, hata zikionekana kwa mgongo.

`Stairs` ni ngazi, lakini za nyumba, zile za vidato unazopanda kwa miguu. Ngazi ya kuegemeza ukutani sizo.

`Cars` ikitafsiriwa "magari", utashawishika kugusa basi na lori. Ziache. Hapo yanatakiwa magari madogo, na basi lina swali lake lenyewe. Pikapu na teksi, kwa upande mwingine, ziguse.

`Palm trees` ni kinyume chake. Tafsiri ikisema "minazi" utaacha mitende na ndugu zake wengine, wakati swali linataka jamii yote: shina refu lisilo na matawi, makuti juu.

`Crosswalks` ni vivuko vya waenda kwa miguu. Usitafute mistari minene ya pundamilia peke yake. Katika picha nyingi kivuko ni mistari miwili myembamba inayokatiza barabara kwenye makutano, na wengi huiacha wakidhani ni alama ya kusimama. Mstari mmoja mnene mbele ya magari ndio wa kusimama. Miwili yenye njia katikati yake ni kivuko.

`Fire hydrants` ni yale mabomba mafupi ya zimamoto yaliyosimama pembeni mwa barabara, yenye kimo cha goti au zaidi kidogo, mara nyingi mekundu au ya njano. Mtu ambaye hajawahi kuyaona hupita bila kuyatambua. Na `chimneys` ni mabomba ya moshi juu ya mapaa, ya nyumba au ya kiwanda. Antena na matangi ya maji hayamo.

Kuhusu miraba 16, swali la milele ni kama nguzo inahesabiwa, na kama ncha ndogo iliyoingia mraba wa jirani inahesabiwa. Google haijatangaza kanuni. Tunachopendekeza ni kuchukua kitu chenyewe na kuacha kinachokishikilia: taa pamoja na kasha lake, bila nguzo, pikipiki pamoja na magurudumu yake, bila aliyeipanda. Kipande kikiwa ni uzi mwembamba pembezoni mwa mraba, kiache. Kikiwa kinaonekana wazi bila kukodoa macho, kiguse. Kukosea mraba mmoja wa pembeni mara nyingi hakuangushi jibu zima, kwa hiyo usitumie dakika nzima kubishana nao.

Hatua ya 3: soma rangi nyekundu

Ukikataliwa, kabla ya kugusa chochote angalia chini ya picha. Kuna maandishi mekundu? Hapo ndipo unapojua umekataliwa kwa sababu ipi.

Maandishi yakisema `Please select all matching images`, hujachagua za kutosha. Mara nyingi picha hazibadilishwi, kwa hiyo ongeza uliyoiacha badala ya kuanza upya. Yakisema `Please also check the new images`, ulibonyeza mapema katika ile aina ya kufifia, na kuna picha mpya hukuiangalia. Yakisema `Please try again`, jibu halikukubalika na umeletewa swali jingine. Hapo rudi kwenye neno lenye wino mzito, kwa sababu huenda kitu chenyewe kimebadilika. Kwa lugha nyingine maneno ni tofauti, lakini unaweza kukisia: picha zikibaki zilezile na maandishi mekundu yakatokea, kuna ulichoacha, picha zikibadilika zote pamoja na maandishi mekundu, umekosea.

Kisha kuna hali ya nne, ambayo ni muhimu kuliko hizo zote: picha zinabadilika, swali jipya linakuja, na hakuna maandishi mekundu popote. Hapo hukukosea. Mfumo umepokea jibu na unataka jingine, kwa sababu bado una wasiwasi nawe. Mara mbili au tatu ni kawaida. Ikifika tano bila wekundu wowote, acha kujibu. Tatizo halipo kwenye picha, nenda hatua ya 5.

Mfano mmoja kwa ukamilifu

Tuseme unajaza fomu na kapcha imekuja kwa Kijerumani. Umetiki kisanduku, duara limezunguka, dirisha la picha limefunguka. Unahesabu miraba 16, basi ni picha moja. Neno lenye wino mzito ni `Ampeln`, na kitufe cha chini kulia kimeandikwa `ÜBERSPRINGEN`.

Unagusa mraba mmoja wenye kitu kinachofanana na taa, na kitufe kinageuka kuwa `BESTÄTIGEN` au `WEITER`. Bila kamusi umeshajua `ÜBERSPRINGEN` ni kuruka, na hilo la pili ni la kuendelea. Kwenye picha kuna gari, nguzo ya taa ya kumulika barabara, na taa za kuongozea magari zinazoning'inia juu ya makutano. `Ampel` ni hizo za kuongozea. Zimechukua miraba miwili, mmoja juu ya mwingine, na nguzo yake imepita kwenye miraba mingine mitatu. Unagusa miwili, unaacha nguzo, unaacha taa ya kumulika, unaendelea.

Linakuja swali la pili bila maandishi mekundu. Miraba 9, neno `Fahrrädern`. Ukilitafuta kwenye kamusi hivyo lilivyo huenda usilipate, kwa kuwa Kijerumani hugeuza mwisho wa neno kulingana na mahali lilipo kwenye sentensi. Kamusi ina `Fahrrad`, baiskeli. Ndiyo maana ni heri kutafsiri sentensi nzima kuliko neno lililonyofolewa. Unagusa baiskeli ya kwanza, inafifia. Sasa unajua ni ile aina ya kusubiri. Unagusa mbili nyingine, unatulia mpaka zote tatu zijazwe. Moja kati ya picha mpya ni pikipiki, unaiacha. Nyingine ni baiskeli iliyofungwa kwenye uzio, inaonekana nusu, unaigusa. Inayoletwa mahali pake ni ukuta mtupu. Hakuna baiskeli iliyobaki, unathibitisha, na tiki ya kijani inatokea kwenye kisanduku.

Hatua ya 4: ilete kapcha kwenye lugha yako

Kutafsiri ukurasa kwa kivinjari mara nyingi hakusaidii, kwa sababu kapcha ni ukurasa mwingine uliopachikwa ndani ya ukurasa, na tafsiri huishia nje yake. Kwenye simu, piga picha ya skrini na uifungue kwa programu ya kutafsiri inayosoma maandishi ndani ya picha. Fanya haraka, kwani swali lililoachwa wazi muda mrefu huisha nguvu.

Dawa ya kudumu ni kubadilisha lugha ya kivinjari. reCAPTCHA ina Kiswahili, na mwenye tovuti asipochagua lugha, hufuata lugha ya kwanza kwenye orodha ya kivinjari chako. Kwenye Chrome ya kompyuta andika `chrome://settings/languages` mahali pa anwani, ongeza Kiswahili, kipandishe juu kabisa, kisha pakia ukurasa upya. Kwenye Firefox andika `about:preferences` na utafute sehemu ya lugha. Kwenye simu, fungua mipangilio ya kivinjari na utafute lugha humo. Kama Kiswahili cha kapcha kinakuchanganya, na kwa sababu ya zile "taa" kinaweza, weka lugha yoyote nyingine unayoielewa vizuri.

Ukipakia upya na lugha haijabadilika, mwenye tovuti ameifunga mwenyewe. Ukiangalia chanzo cha ukurasa kwenye kompyuta utaona kitu kama hiki:

```
<script src="https://www.google.com/recaptcha/api.js?hl=de"></script>
```

Hiyo `hl=de` inalazimisha Kijerumani, na hakuna mpangilio wa kivinjari utakaoibadilisha. Tumia picha ya skrini. hCaptcha ni rahisi zaidi: chini ya dirisha lake kuna kifupisho cha lugha, kwa mfano `EN`, na ukikigusa unapewa orodha ya kuchagua.

Kitufe cha mshale wa duara chini kushoto huleta swali jingine la aina hiyohiyo. Kitumie bila aibu ukiona picha ni za ukungu au neno hulijui. Kitufe cha spika za masikioni ni cha sauti. Kwa asiyeielewa lugha, sauti ni mtihani mgumu kuliko picha, kwa hiyo usiende huko isipokuwa macho yako ndiyo yenye shida.

Hatua ya 5: majibu ni sahihi na bado inakataa

Kisanduku cha kutiki kilianza Desemba 2014, na tiki yenyewe haithibitishi chochote. Programu yoyote inaweza kutiki. Kinachopimwa ni kinachozunguka tiki hiyo: vidakuzi vilivyomo kwenye kivinjari, namna ulivyotumia ukurasa, na anwani ya IP unayotokea pamoja na sifa yake. Mwenye alama nzuri hupita bila picha. Mwenye alama mbaya huletewa picha nyingi, na katika ile aina ya kufifia, picha mpya mara nyingi hujitokeza polepole mno. Ukiona ucheleweshaji huo huku mtandao wako uko sawa, elewa kwamba unashukiwa.

Fanya haya kwa mpangilio, na baada ya kila moja pakia ukurasa upya ujaribu mara moja tu. Zima VPN kwanza, kwa kuwa anwani zake hutumiwa na watu wengi mno, wakiwemo wenye programu za kubofya. Kisha toka kwenye dirisha la siri na uruhusu vidakuzi. Zima viendelezi vya kuzuia matangazo kwa tovuti hiyo. Angalia saa ya kifaa na uiweke ijirekebishe yenyewe. Kwa Turnstile, ambayo haina picha bali kisanduku tu, saa isiyo sahihi inatosha kukuzungusha siku nzima. Mwisho badilisha mtandao, kutoka Wi-Fi kwenda data ya simu au kinyume chake. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo unaweza kubeba dhambi za mtu usiyemjua. Kuwasha na kuzima hali ya ndege wakati mwingine hukupa anwani nyingine.

Ikitokea `Try again later`, na chini yake sentensi yenye `automated queries`, usiendelee kubonyeza. Kila jaribio linaongeza shaka. Badilisha mtandao au rudi baada ya saa kadhaa.

Kapcha bandia

Asiyejua lugha ndiye windo rahisi hapa, kwa hiyo shika mipaka hii. Kapcha ya kweli hukutaka uguse kisanduku, uchague picha, uburute kipande au uandike herufi, yote ndani ya ukurasa. Ikikuelekeza kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na `R`, halafu `Ctrl` na `V`, halafu `Enter`, hiyo ni mtego: imeshanakili amri kwenye kompyuta yako na inataka wewe mwenyewe uiendeshe. Michoro ya vitufe hivyo inatambulika kwa lugha yoyote. Funga ukurasa. Hali kadhalika ikikuambia ubonyeze `Allow` ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti, hapo unaombwa ruhusa ya kuletewa arifa, na zitakazokuja ni za matapeli.

Imekubali, lakini fomu imekataa

Hili huchanganywa na kukataliwa kwa kapcha. Tiki ya kijani ya reCAPTCHA hudumu dakika 2 tu, na hutumika mara moja. Ukitiki kisha ukaendelea kujaza fomu ndefu huku ukitafsiri kila kipengele, itaisha muda kabla hujatuma. Vilevile fomu ikirudishwa kwa sababu ya nywila isiyo sahihi, tiki ya zamani haifai tena hata kama bado inaonekana. Jaza kila kitu, hakiki, kisha tiki iwe jambo la mwisho kabla ya kitufe cha kutuma.